Wastani wa nyota

Wastani wa nyota ni namba moja inayotumika kueleza maoni ya watu wengi kuhusu kitu kimoja, kama vile hoteli, mgahawa, duka, kitabu au filamu. Kwenye ramani za Google na tovuti nyingi za usafiri kila mteja huweza kutoa alama kuanzia 1 hadi 5. Kwa kawaida alama hizo huonyeshwa kwa umbo la nyota, ingawa Tripadvisor hutumia viduara na Booking.com hutumia kipimo kinachofika 10. Alama zote hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya waliozitoa. Namba inayopatikana ndiyo msomaji huiona kwanza, na mara nyingi ndiyo hutumika kupanga orodha kuanzia kilicho bora hadi kilicho duni.

Namba hii inaweza kupotosha kwa njia mbili. Kwanza, maoni yakiwa machache, wastani huyumba sana kwa bahati tu, hivyo nyota 5.0 za watu watatu si ushahidi mzito kuliko nyota 4.3 za watu mia mbili. Pili, hata maoni yakiwa mengi, wastani huficha jinsi alama zilivyosambaa. Nyumba mbili za wageni zinaweza kuwa na wastani uleule, ilhali moja inawaridhisha wote kwa kiasi na nyingine inawafurahisha wengi na kuwaudhi wachache vibaya.

Makala hii inaeleza matatizo hayo kwa mfano wa nyumba za kulala wageni katika miji ya Wasso na Karatu, mkoani Arusha, Tanzania. Miji ni ya kweli, lakini nyumba zinazotajwa kwa herufi A, B, C na D pamoja na alama zake ni za kubuni, zimewekwa ili hesabu ionekane wazi.

## Kwa nini idadi ya maoni hutofautiana

Karatu iko kando ya barabara ya lami itokayo Makuyuni kuelekea lango la Hifadhi ya Ngorongoro. Watalii wengi wanaokwenda kuona kreta hulala hapo usiku mmoja au miwili. Wengi wao wametoka nchi za nje, wamezoea kuchagua hoteli kwa njia ya intaneti, na wakirudi kwao huandika maoni. Kwa hiyo nyumba ya wageni ya kawaida mjini Karatu inaweza kukusanya maoni mengi ndani ya misimu michache.

Wasso iko mbali zaidi upande wa kaskazini, katika Wilaya ya Ngorongoro, karibu na Loliondo. Hupitiwa na wasafiri wanaotoka Ziwa Natron kuelekea upande wa kaskazini wa Serengeti, lakini wageni wengi wa gesti zake si watalii. Ni watumishi wa serikali waliokuja kikazi, wafanyabiashara wa mifugo na bidhaa, madereva, na watu waliomleta mgonjwa katika hospitali ya mji huo. Wageni hawa hupata habari za mahali pa kulala kwa kuulizana. Wakiridhika hurudi tena, wasiporidhika huwaambia wenzao, na ni wachache wanaofungua simu ili kutoa nyota.

Matokeo yake ni kwamba nyumba iliyopokea wageni kwa miaka mingi Wasso inaweza kuwa na maoni matatu tu kwenye ramani, wakati nyumba ya Karatu iliyo na ukubwa uleule ina mamia. Idadi ndogo ya maoni haimaanishi kwamba nyumba ni mbaya, wala kwamba ni nzuri. Inamaanisha tu kwamba habari zake zilizoandikwa ni chache. Tatizo huanza pale ambapo nyumba hizo mbili zinapangwa katika orodha moja kwa kutumia wastani peke yake.

## Uzito wa mtu mmoja

Chukua nyumba A iliyoko Wasso. Ina maoni matatu, na yote ni nyota 5, kwa hiyo wastani wake ni 5.0. Nyumba B iliyoko Karatu ina maoni 200, kama ifuatavyo:

| Nyota | Idadi ya waliotoa |
|---|---|
| 5 | 120 |
| 4 | 50 |
| 3 | 16 |
| 2 | 6 |
| 1 | 8 |

Jumla ya nyota za B ni 868. Ukigawanya kwa 200 unapata 4.34. Katika orodha iliyopangwa kwa wastani, A itakuwa juu ya B kwa tofauti kubwa.

Sasa mgeni mmoja analala katika kila nyumba, anakosa maji ya moto, na anatoa nyota 1. Kwa nyumba A jumla inakuwa 16 kwa watu wanne, na wastani unaanguka kutoka 5.0 hadi 4.0. Kwa nyumba B jumla inakuwa 869 kwa watu 201, na wastani unatoka 4.34 hadi 4.32, badiliko ambalo kwenye tovuti inayoonyesha tarakimu moja baada ya nukta halionekani kabisa. Kosa ni lilelile na mgeni ni yuleyule, lakini A imeshuka kutoka juu ya B hadi chini yake.

Jambo hili lina madhara kwa pande zote mbili. Msafiri anayefika Wasso jioni, akiwa na fedha za usiku mmoja, anaweza kuiamini namba 5.0 kuliko inavyostahili. Mwenye gesti naye anaweza kupoteza wateja wa miezi mingi kwa sababu ya usiku mmoja ambao umeme ulikatika. Hakuna aliyedanganya. Ni kwamba namba iliyotokana na watu watatu haina uwezo wa kutulia.

## Kiasi cha kuyumba

Wanatakwimu hukadiria kuyumba kwa wastani kwa kutumia kosa sanifu. Hupatikana kwa kugawanya kipimo cha mtawanyiko wa alama, kinachoitwa mkengeuko sanifu, kwa kipeuo cha pili cha idadi ya maoni. Katika mfano wa nyumba B mkengeuko sanifu ni karibu nyota 1. Kwa kuwa kipeuo cha pili cha 200 ni takribani 14, kosa sanifu ni takribani 0.07.

Kanuni ya kawaida ni kuchukua kosa sanifu mara mbili, juu na chini ya wastani. Kwa nyumba B, wastani ambao ungepatikana kama wageni wa aina hiyo wangeendelea kuja na kuandika bila kikomo unakadiriwa kuwa kati ya 4.2 na 4.5. Huo ni ufinyu mzuri. Kama nyumba yenye mtawanyiko huohuo ingekuwa na maoni 25, kosa sanifu lingekuwa 0.2 na upana ungekuwa 0.4 kila upande. Ikiwa na maoni manne, kosa sanifu ni 0.5, na upana ni nyota nzima kila upande. Namba 4.0 ya watu wanne, kwa hiyo, haitofautishi vizuri kati ya nyumba ya 3.0 na nyumba ya 5.0.

Kutokana na kipeuo cha pili, uhakika huongezeka polepole. Ili kupunguza kosa kwa nusu, idadi ya maoni lazima iwe mara nne. Kutoka maoni manne hadi 16 faida ni kubwa kwa msomaji, lakini kutoka 400 hadi 1,600 faida haina uzito kwa mtu anayetafuta kitanda.

Hesabu hii ina mtego mmoja. Nyumba A ilipokuwa na alama tatu zote za nyota 5, hapakuwa na mtawanyiko wowote kati yake. Mtu akitumia kanuni bila kufikiri atapata kosa sanifu la sifuri, kana kwamba uhakika ni kamili. Ukweli ni kinyume chake: alama tatu ni chache mno hata kuonyesha mtawanyiko wenyewe ukoje. Ndiyo maana kwa maoni machache sana njia nyingine inahitajika, nayo inaelezwa hapa chini.

## Juu na chini ya orodha

Swali linalofuata ni hili: je, alama tatu za nyota 5 mfululizo ni jambo la ajabu? Tuseme kuna gesti ya kawaida tu, ambayo wageni wake sita kati ya kumi wangetoa nyota 5 na waliobaki wangetoa pungufu. Uwezekano wa mgeni wa kwanza kutoa nyota 5 ni 0.6. Uwezekano wa watatu wa kwanza wote kufanya hivyo ni 0.6 × 0.6 × 0.6, yaani 0.216, au zaidi kidogo ya mara moja katika tano. Uwezekano wa kumi wa kwanza wote kufanya hivyo ni karibu 0.006, yaani mara sita tu katika elfu moja.

Kwa hiyo kama mji una gesti kumi za kiwango hicho, na kila moja ina maoni matatu, tutegemee kwamba mbili hivi zitakuwa na 5.0 kwa bahati peke yake. Gesti hizo mbili ndizo zitakazokuwa kileleni mwa orodha, na ndizo msafiri atakazoziona kwanza. Kuna pia gesti za kiwango hichohicho ambazo bahati itaziangusha chini, kwa sababu wageni wachache walioandika walikuwa wale wasioridhika. Ndiyo maana orodha zilizopangwa kwa wastani huwa na vitu vyenye maoni machache kwenye ncha zote mbili, juu kabisa na chini kabisa, wakati vyenye maoni mengi hukaa katikati.

Hali hii haiko kwenye nyota tu. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lilipokuwa likipanga shule kwa matokeo ya kidato cha nne, lilizigawa katika makundi mawili: shule zenye watahiniwa 40 au zaidi, na shule zenye watahiniwa chini ya 40. Sababu ya kutenganisha namna hii inaeleweka kwa hesabu ileile. Katika shule yenye watahiniwa 12, mwanafunzi mmoja akifeli, kiwango cha ufaulu kinashuka kwa zaidi ya asilimia 8. Katika shule yenye watahiniwa 200, mwanafunzi mmoja ni nusu ya asilimia moja. Kuzilinganisha kwa wastani peke yake kungezifanya shule ndogo zipande na kushuka mwaka hadi mwaka bila walimu kubadilisha chochote. Mwaka 2023 baraza liliacha kutangaza orodha ya shule bora. Gawanyo lile la 40 linabaki kuwa mfano mzuri kwa mtu anayepanga orodha ya aina yoyote: usichanganye wachache na wengi bila kuwatenganisha.

## Kurekebisha wastani wa maoni machache

Njia moja inayotumika sana ni kumwongezea kila mmoja maoni ya kudhania. Kabla ya kusoma maoni yoyote ya nyumba fulani, msomaji tayari anajua kitu kidogo: anajua nyumba za eneo lile kwa kawaida hupata alama ngapi. Ujuzi huo huingizwa kwenye hesabu kana kwamba ni maoni kadhaa yaliyokwisha kutolewa. Njia hii huitwa wastani wa Bayes, kwa jina la Thomas Bayes, mchungaji na mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 18. Tovuti ya filamu IMDb ilieleza fomula ya aina hii kwa orodha yake ya filamu 250 bora, ili filamu iliyopigiwa kura na watu wachache isizipite zile zilizopigiwa na wengi.

Fomula yenyewe ni fupi:

```
R = (J + k × m) / (n + k)
```

Hapa `J` ni jumla ya nyota zilizotolewa, `n` ni idadi ya maoni, `m` ni wastani wa kawaida wa eneo au wa aina ile ya huduma, na `k` ni idadi ya maoni ya kudhania yanayoongezwa. `R` ni wastani uliorekebishwa.

Tuseme wastani wa kawaida wa nyumba za wageni ni 4.0, na tunaongeza maoni 10 ya kudhania. Nyumba A, yenye alama tatu za nyota 5, ina jumla ya 15. Tukiongeza 40 tunapata 55, na tukigawanya kwa 13 tunapata 4.23. Nyumba B ina 868, inakuwa 908, na ikigawanywa kwa 210 inatoa 4.32. A imevutwa kwa nguvu kuelekea 4.0, wakati B imesogea kidogo mno. Katika orodha mpya B iko juu.

Njia hii haiondoi uamuzi wa mtu. Kama tungeongeza maoni matano badala ya 10, A ingepata 35 gawanya kwa 8, yaani 4.38, na B ingepata 888 gawanya kwa 205, yaani 4.33. A ingerudi juu. Hakuna hesabu inayosema kwa lazima `k` iwe ngapi. Ni kipimo cha jinsi msomaji alivyo mgumu wa kushawishika. Jambo la kweli ambalo mabadiliko haya yanaonyesha ni kwamba maoni matatu hayatoshi kuamua kati ya A na B. Pale ambapo mpangilio unageuka kwa sababu ya badiliko dogo la kanuni, afadhali kuzihesabu nyumba hizo kuwa sawa na kutafuta habari nyingine, kama bei, umbali kutoka stendi, au neno la mtu aliyelala hapo.

## Kusoma mtawanyiko wa alama

Tovuti nyingi huonyesha, chini ya wastani, mistari mitano inayoeleza ni wangapi walitoa kila alama. Wasomaji wengi huipita, lakini ndiyo yenye habari zaidi. Tazama nyumba mbili zenye maoni 20 kila moja:

| Nyota | Nyumba C | Nyumba D |
|---|---|---|
| 5 | 4 | 13 |
| 4 | 12 | 2 |
| 3 | 4 | 0 |
| 2 | 0 | 2 |
| 1 | 0 | 3 |
| Wastani | 4.0 | 4.0 |

Jumla ya nyota ni 80 kwa kila nyumba, na wastani ni 4.0. Namba iliyoandikwa juu ni ileile, lakini nyumba hizi hazifanani.

Katika nyumba C alama zimekusanyika kuzunguka 4. Hakuna aliyekasirika, na waliofurahi sana ni wachache. Hapa wastani unasema kweli: mgeni atakayekuja atapata huduma ya 4 hivi. Katika nyumba D mgeni mmoja tu kati ya kumi alitoa nyota 4. Theluthi mbili hivi walitoa 5, robo walitoa 1 au 2, na katikati pako patupu. Wastani wa 4.0 haumwelezi karibu mgeni yeyote wa D.

Tofauti hii inaweza kupimwa kwa urahisi. Kwa kila alama, hesabu umbali wake kutoka kwenye wastani, kisha tafuta wastani wa umbali huo. Kwa C, watu wanane wako umbali wa nyota 1 na 12 wako palepale, kwa hiyo wastani wa umbali ni 8 gawanya kwa 20, yaani 0.4. Kwa D, 13 wako umbali wa 1, wawili wako palepale, wawili wako umbali wa 2, na watatu umbali wa 3. Jumla ni 26, na wastani wa umbali ni 1.3. Mtawanyiko wa D ni zaidi ya mara tatu ya ule wa C.

Umbo lenye vilele viwili na bonde katikati kwa kawaida ni dalili kwamba makundi mawili tofauti yamechanganywa katika wastani mmoja. Kazi ya msomaji ni kutafuta kinachoyatenganisha, na mara nyingi ni moja kati ya mambo matatu.

La kwanza ni wakati. Huenda nyumba ilibadilika. Tuseme msomaji anapanga maoni ya D kwa tarehe na kuona kwamba zile alama tano za chini zote ziko kati ya maoni tisa ya kwanza, na kwamba zote zinalalamikia maji. Katika tisa hayo kuna pia nyota 5 za watu wanne, hivyo jumla ni 27 na wastani ni 3.0. Maoni 11 yaliyofuata yana jumla ya 53, na wastani wake ni 4.8. Basi 4.0 ni wastani wa nyumba mbili: ya zamani yenye shida ya maji na ya sasa ambayo inaonekana imeitatua. Kama mfuatano ungekuwa kinyume, namba 4.0 ingekuwa ileile, lakini mgeni wa leo angekuwa anakwenda kwenye nyumba inayoshuka.

La pili ni chumba. Nyumba nyingi zina vyumba vya zamani na vipya, au vilivyo karibu na baa na jenereta na vilivyo mbali. Hapa malalamiko hayajikusanyi katika tarehe fulani, bali husambaa miaka yote na kutaja jambo moja, kama kelele za usiku. Mtu anayejua hivyo anaweza kupiga simu na kuomba chumba cha upande wa pili, na kwake nyumba D huenda ikawa bora kuliko C.

La tatu ni aina ya mgeni. Mtalii aliyelala katika loji za Karatu anaweza kutoa nyota 2 kwa gesti ya Wasso kwa sababu hakukuta intaneti wala menyu. Dereva aliyetaka kitanda safi, maegesho yenye mlinzi na chai ya alfajiri anaweza kutoa nyota 5 kwa nyumba hiyohiyo. Wote wawili wamesema kweli. Msomaji anapaswa kuwatazama wale wanaofanana naye kwa mahitaji, si kuwajumlisha wote.

Kama hakuna jambo lolote linaloyatenganisha makundi hayo, na malalamiko ni ya kila namna, basi tafsiri iliyobaki ni kwamba huduma yenyewe haitabiriki. Mgeni mmoja kati ya wanne ataondoka amechukizwa, na hawezi kujua mapema kama atakuwa yeye.

## Waliokaa kimya

Hata maoni mengi huwa na kasoro ambayo wingi hauiponyi. Watu walioridhika kwa kiasi hawana haraka ya kuandika, bali wanaoandika ni wale waliofurahi mno au kuudhika mno. Mwaka 2009 watafiti Nan Hu, Paul Pavlou na Jie Zhang walieleza kwamba maoni ya bidhaa kwenye intaneti mara nyingi huchukua umbo la herufi J: alama 1 kidogo, 2 na 3 chache zaidi, halafu mlima mkubwa kwenye 5. Kwa hiyo bonde katikati ya mistari si lazima litokane na nyumba peke yake. Sehemu yake hutokana na ukimya wa wale ambao wangetoa 3.

Kwa sababu hiyo mtawanyiko usomwe kwa kulinganisha. Kama nyumba zote za Karatu zina nyota 1 za asilimia 4 au 5, nyota 1 za asilimia 4 katika nyumba B ni hali ya kawaida. Nyota 1 za asilimia 15, kama za nyumba D, zinahitaji maelezo. Hata hapo lazima ikumbukwe kwamba asilimia 15 ya maoni 20 ni watu watatu tu, na bahati bado inaweza kuwa na sehemu yake.

Kwa maoni machache swali la nani aliandika lina uzito zaidi. Maoni ya kwanza ya nyumba mpya mara nyingi hutoka kwa watu walio karibu na mwenyewe. Nyota 5 tatu zilizotolewa katika wiki moja, bila maneno, na watu ambao hawajawahi kutoa maoni mahali pengine, zina habari ndogo kuliko maoni mawili ya miezi tofauti yanayotaja bei iliyolipwa, hali ya choo na saa ambayo umeme ulizimwa. Kosa sanifu hupima bahati tu, halipimi upendeleo. Maoni elfu moja ya watu waliochaguliwa vibaya yatatoa namba tulivu isiyo ya kweli.

Kwa mji kama Wasso, hili ndilo linaloweka mpaka wa njia zote zilizoelezwa. Fomula inaweza kumwonya msafiri kwamba 5.0 ya watu watatu haijulikani vizuri, na inaweza kumkinga mwenye gesti asihukumiwe kwa nyota 1 ya mtu mmoja. Haiwezi kuleta habari za mamia ya wageni waliolala, wakalipa na kuondoka bila kuandika. Habari hizo zipo kwa madereva, kwa watu wa stendi na kwa wale wanaorudi hapo kila mwezi, na mtu anayepanga safari bado hulazimika kuwauliza.